Kupata nusu kipenyo cha tao kutokana na upana na kimo chake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ninayoulizwa na mafundi uashi na maseremala wanaotengeneza kalibu za matao ya milango na madirisha, na wakati mwingine na mwenye nyumba anayetaka tao jipya lifanane na la zamani. Karibu kote nimetumia mlango mmoja: upana wa sentimita 120, na tao linalopanda sentimita 20 katikati.

Ninajua upana wa mlango na kimo cha tao katikati, basi. Je, hivyo viwili vinatosha?

Vinatosha, mradi tao lako ni kipande cha duara moja. Ukiwa na upana na kimo, tayari unazo alama tatu: mwanzo wa tao upande wa kushoto, mwisho wake upande wa kulia, na kilele chake katikati. Alama tatu zisizo kwenye mstari mmoja hupitiwa na duara moja tu, hakuna la pili. Kwa hiyo ukishaamua upana na kimo, nusu kipenyo kimeshaamuliwa, hata kama bado hujakihesabu. Huwezi kuchagua vyote vitatu. Mteja akisema anataka upana wa 120, kimo cha 20 na nusu kipenyo cha 150, mweleze kwamba kimoja lazima kibadilike.

Hesabu yenyewe ni ipi?

Chukua nusu ya upana uizidishe kwa yenyewe. Gawanya kwa kimo. Ongeza kimo. Hapo umepata kipenyo kizima, kwa hiyo gawanya kwa mbili upate nusu kipenyo.

Kwa mlango wetu, nusu ya upana ni 60. Sitini mara sitini ni 3600. Gawanya kwa 20 upate 180. Ongeza 20, inakuwa 200. Nusu yake ni 100. Duara la tao hili lina nusu kipenyo cha sentimita 100, yaani mita moja kamili.

Nawashauri watu washike hesabu kwa mpangilio huu kwa sababu kila hatua ina maana mtu anayoweza kuiona. Vuta picha ya duara zima, tao likiwa ni sehemu yake ya juu. Kimo cha sentimita 20 ni kipande cha juu cha kipenyo kilichosimama wima. Ile 180 ni sehemu ya kipenyo iliyobaki chini ya mstari wa upana. Ukijumlisha vipande viwili unapata kipenyo chote.

Anayetaka kuiandika kwenye simu au kompyuta aiandike hivi, `s` ikiwa upana na `h` kimo:

```
R = (s*s + 4*h*h) / (8*h)
```

Jibu ni lilelile. Hesabu haijali kipimo unachotumia, mradi vyote viwe vya aina moja. Mlango wa futi 4 wenye tao la inchi 8 uugeuze kwanza uwe inchi 48: nusu ni 24, mara yenyewe ni 576, gawanya kwa 8 upate 72, ongeza 8 iwe 80, nusu yake ni inchi 40. Ukichanganya futi na inchi humo ndani, utapata namba isiyo na maana yoyote.

Kwa nini inatoa jibu sahihi?

Kwa sababu ya pembetatu ambayo fundi anaitumia kila siku bila kuiita jina. Kutoka kitovu cha duara, piga mstari hadi pale tao linapoanzia: urefu wake ni nusu kipenyo, tukiite R. Piga mwingine kutoka kitovu kwenda juu moja kwa moja hadi katikati ya mstari wa upana: huo ni nusu kipenyo kasoro kimo, yaani R − 20. Upande wa tatu ni nusu ya upana, 60. Pembetatu hiyo ina pembe mraba, kwa hiyo kanuni ya Pithagorasi inaihusu:

R × R = 60 × 60 + (R − 20) × (R − 20)

Ukiufungua upande wa kulia unapata 3600 + R × R − 40R + 400. R × R iko pande zote mbili, inaondoka. Kinachobaki ni 40R = 4000, na R = 100. Sasa tazama pande za pembetatu hiyo: 60, 80 na 100. Hiyo ni tatu, nne, tano ileile unayotumia kukagua kona za msingi, imekuzwa tu. Ndiyo maana nimechagua mlango huu: unaweza kukagua jibu kwa kichwa.

Upana nipime wapi, na kimo nianze kuhesabu wapi?

Upana unapimwa pale tao linapoanza kujipinda, uso wa ndani wa mwimo mmoja hadi uso wa ndani wa mwingine. Kimo kinaanzia kwenye mstari unaounganisha alama hizo mbili, si sakafuni, na kinaishia upande wa chini wa tao, si juu ya tofali. Vuta uzi kati ya alama mbili, uukaze, hakikisha kwa pima maji kwamba umelala sawa, weka alama katikati yake, kisha pima kwenda juu wima hadi kwenye tao.

Makosa ya kupima kimo hadi juu ya tofali ni mengi kuliko unavyodhani, hasa pale tao bado halijapigwa plasta na jicho linavutwa na ukingo wa juu.

Nimehesabu, nikachora, lakini tao limetoka bapa. Nimekosea wapi?

Karibu kila mara ni kwamba ulizidisha upana wote badala ya nusu yake. Mimi mwenyewe nililifanya kosa hilo miaka yangu ya mwanzo. Nilichukua 120 mara 120, nikapata 14,400, nikagawanya kwa 20, nikaongeza 20, nikagawanya kwa mbili, ikatoka 370. Namba haikunishtua. Nilikata plaiwudi yote, na nilipoiinua mlangoni kilele chake kilikuwa kama sentimita 5 tu juu ya mstari, badala ya 20. Ubao ule ulikuwa wa mteja, nikalazimika kumlipa.

Tangu hapo sikati kabla ya kufanya ukaguzi mmoja. Nachukua nusu kipenyo nilichopata, natoa kimo, nazidisha jibu kwa lenyewe, naongeza mraba wa nusu ya upana. Jumla lazima iwe sawa na nusu kipenyo mara chenyewe. Kwa mlango wetu: 80 mara 80 ni 6400, ongeza 3600 ni 10,000, na 100 mara 100 ni 10,000. Imekubali. Kwa ile 370 yangu: 350 mara 350 ni 122,500, ongeza 3600 ni 126,100, lakini 370 mara 370 ni 136,900. Imekataa, na ingenikatalia kabla sijashika msumeno.

Nusu kipenyo ninacho. Sasa nakichoraje?

Kitovu kiko chini ya mstari wa upana, katikati kabisa, kwa umbali wa nusu kipenyo kasoro kimo. Kwetu ni sentimita 80. Ukichorea mlangoni penyewe, gongomea ubao ukatize kati ya miimo miwili sentimita 80 chini ya pale tao linapoanzia, weka alama katikati ya ubao, pigilia msumari hapo.

Usitumie uzi kuzungusha penseli. Uzi unavutika, na mkono ukikaza zaidi upande mmoja tao linatoka na kiuno. Tumia papi nyembamba: toboa tundu la msumari upande mmoja, pima sentimita 100 kutoka katikati ya tundu, toboa tundu la penseli. Kabla ya kuchora, izungushe ikiwa kavu. Penseli iguse alama ya kushoto, kilele, na alama ya kulia. Ikigusa kilele lakini ikapita nje ya alama zote mbili za pembeni kwa kiasi kilekile, kitovu kimewekwa chini mno na papi ni ndefu mno. Ikiishia ndani yake, kitovu kimewekwa juu mno na papi ni fupi mno. Ikikosa upande mmoja tu, msumari hauko katikati.

Ninataka kunakili tao la zamani. Plasta imelainisha kona na siwezi kuona linapoanzia. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu watu wengi hudhani hapo ndipo hesabu inapokwama. Haikwami. Kanuni haihitaji upana wa mlango. Inahitaji mstari wowote ulionyooka unaogusa mduara sehemu mbili, na kimo cha mduara juu ya katikati ya mstari huo. Mstari huo hata si lazima ulale sawa.

Chukua kipande cha papi kilichonyooka chenye urefu wa sentimita 60 kamili. Kibandike chini ya tao ili ncha zake mbili ziguse mpindo. Katikati kutabaki uwazi kati ya papi na tao. Upime uwazi huo kwa rula iliyosimama kwa pembe mraba juu ya papi. Kwenye tao letu la mita moja utasoma sentimita 4.6. Hesabu: nusu ya 60 ni 30, mara yenyewe ni 900, gawanya kwa 4.6 upate 195.7, ongeza 4.6 iwe 200.3, nusu yake ni 100.1. Umeipata mita moja bila kujua tao linaanzia wapi.

Papi hiyohiyo inajibu swali la pili, ambalo ni zito zaidi: je, tao hili ni kipande cha duara kweli? Isogeze kushoto, kisha kilele, kisha kulia, ukipima uwazi kila mahali. Ukiwa uleule kote, ni duara. Ukiwa mdogo kileleni na mkubwa pembeni, tao ni la yai, au limeunganishwa kwa vipande vya maduara tofauti, kidogo pembeni na kikubwa katikati. Hapo kanuni ya upana na kimo itakupa namba, na namba hiyo itakuwa ya uongo kwa tao hilo.

Kuna kipimo kingine cha haraka pale unapoujua upana. Pima kimo cha tao robo ya upana kutoka pembeni, yaani katikati ya njia kati ya mwimo na kilele. Kwa upana wa 120 na kimo cha 20, tao la duara linakuwa na sentimita 15.4 hapo. Tao la nusu yai lenye upana na kimo hichohicho linakuwa na 17.3. Tofauti ya karibu sentimita 2 inaonekana hata kwa tepu ya kawaida.

Nikikosea sentimita moja kwenye kipimo, nusu kipenyo kinaharibika kiasi gani?

Inategemea tao limepanda kiasi gani. Kwenye mlango wetu, ukisoma kimo 21 badala ya 20, nusu kipenyo kinashuka kutoka 100 hadi karibu 96. Kosa la sentimita moja limezaa la nne.

Sasa chukua dirisha pana la sentimita 300 lenye tao la sentimita 10 tu. Nusu kipenyo chake ni sentimita 1130, zaidi ya mita kumi na moja. Ukisoma kimo 11, kinakuwa 1028. Sentimita moja imekula mita nzima. Ndiyo maana mafundi wawili wanaweza kupima tao bapa lilelile wakarudi na majibu yanayopishana sana, na wote wakawa wamepima kwa uangalifu.

Lakini usiogope kupita kiasi. Ukichora matao hayo mawili, la 1130 na la 1028, juu ya upana uleule, hayatengani zaidi ya ile sentimita moja kileleni. Kosa kubwa kwenye nusu kipenyo halimaanishi kosa kubwa ukutani, mradi unachora kwa kupitia alama tatu. Linakuwa la hatari pale unapomtumia seremala aliye mbali namba ya nusu kipenyo peke yake. Mtumie upana na kimo pia, na umwambie akague.

Na pale unaponakili tao bapa, pima kimo kwa milimita, mara tatu.

Kitovu kiko mita kumi na moja chini. Siwezi kukifikia. Nitachoraje?

Hakuna haja ya kukifikia. Laza ubao chini. Pigilia misumari miwili kwenye alama za mwisho wa upana, kisha weka alama ya kilele. Chukua papi mbili zilizonyooka, kila moja ndefu kuliko upana wa tao. Zikutanishe kileleni, moja iegemee msumari wa kushoto na nyingine wa kulia, kisha zigongomee pamoja na uzikaze kwa kipande cha tatu ili pembe kati yake isibadilike hata kidogo. Weka penseli kwenye kona yao. Sasa sukuma umbo hilo kushoto na kulia, papi zote mbili zikiendelea kugusa misumari yake. Penseli itachora tao lako.

Hii si makadirio. Kona inayoangalia alama mbili zilezile za duara kwa pembe isiyobadilika hukaa kwenye duara hilohilo, na jambo hilo linathibitishwa katika jiometri ya Euklidi. Hata nusu kipenyo hukihitaji.

Njia ya pili ni kuhesabu kimo cha tao sehemu kadhaa, ukitumia kanuni hii, `x` ikiwa umbali kutoka katikati:

```
y = sqrt(R*R - x*x) - (R - h)
```

Kwa dirisha la sentimita 300: katikati ni 10, sentimita 50 kutoka katikati ni 8.9, sentimita 100 ni 5.6, na mwishoni ni sifuri. Weka misumari kwenye alama hizo pande zote mbili, pindisha ufito laini uzifuate, chora. Usiupinde ufito kwa kuushika ncha mbili na kilele tu. Ufito uliopindwa hivyo haujipindi sawasawa, na kwenye tao lililopanda utaliona kosa.

Plasta inaongeza unene. Niitoe wapi?

Kitovu kinabaki palepale, unachobadilisha ni urefu wa papi. Ukitaka tao lililokamilika liwe na nusu kipenyo cha 100 na plasta ni sentimita 1.5, tofali zikae kwenye nusu kipenyo cha 101.5. Ukingo wa juu wa tofali nao ni hivyohivyo: ongeza unene wa tofali. Kosa la kawaida ni kuinua kitovu sentimita 1.5 badala ya kurefusha papi. Hapo plasta itakuwa ya unene sahihi kileleni na nyembamba pembeni.

Ukanda wa plaiwudi wa kufunika juu ya kalibu niukate urefu gani?

Kwa tao ambalo kimo chake hakizidi robo ya upana, zidisha kimo kwa chenyewe, kisha kwa 8, gawanya kwa upana mara tatu, na uongeze kwenye upana. Kwetu: 400 mara 8 ni 3200, gawanya kwa 360 ni 8.9, jumla 128.9. Urefu halisi ni 128.7. Kata 132 halafu upunguze ukiwa pale.

Kimo kikiwa sawa na nusu ya upana, au zaidi?

Kikiwa sawa, ni nusu duara: 60 mara 60, gawanya kwa 60, ongeza 60, nusu yake ni 60. Kitovu kipo kwenye mstari wa upana. Kikizidi, hesabu bado ni sahihi, ila nusu kipenyo kasoro kimo kinatoka hasi, maana yake kitovu kimepanda juu ya mstari na tao linajifunga chini kama kwato. Mara nyingi mteja hataki hivyo. Anachotaka ni nusu duara lililosimama juu ya miimo mirefu zaidi, kwa hiyo muulize kabla ya kukata.

Na tao lenye ncha, kama yale ya magofu ya Gede?

Lile si duara moja. Kila upande una duara lake, na maduara mawili yanakutana kwenye ncha, kwa hiyo kanuni ya juu hailifai. Pale vitovu viwili vinapokaa kwenye mstari wa upana, kila kimoja kikichora upande ulio mbali nacho, hesabu ni hii: mraba wa nusu ya upana ongeza mraba wa kimo, gawanya kwa upana. Kwa upana wa 120 na kimo cha 120: 3600 ongeza 14,400 ni 18,000, gawanya kwa 120 ni 150. Kitovu cha upande wa kushoto kiko sentimita 150 kutoka mwimo wa kushoto, yaani sentimita 30 nje ya mwimo wa kulia, na cha upande wa kulia vivyo hivyo kwa kugeuza. Kagua: kutoka kitovu hadi chini ya ncha ni 90, kimo ni 120, na 90, 120, 150 ni tatu, nne, tano tena.

Ukipata gofu ambalo papi ya sentimita 60 inasoma uwazi uleule upande wote wa kushoto, lakini jibu la hesabu hii halilingani na nusu kipenyo ulichokisoma kwa papi, vitovu haviko kwenye mstari wa upana. Hapo amini papi.